Kifundo kinachonyongeka na bega linalozama: gawa mzunguko kabla ya kupaka uzito

*Mwalimu, niko Goma, ninatengeneza mchezo mdogo wa simu kwa Blender na Godot. Mhusika wangu ni mama muuza samaki wa sambaza katika soko la Kituku, anayejitwisha beseni. Akigeuza kiganja, kifundo cha mkono kinajinyonga kama karatasi ya bomboni; akiinua mikono, bega linazama na kwapa linavutika hadi kwenye mbavu. Nimepaka uzito upya mara nyingi bila mafanikio. Nilipowasha Preserve Volume mambo yalitulia, lakini nikifika Godot ubaya unarudi. Nifanye nini?*

Mdogo wangu, weka brashi ya uzito pembeni kwanza. Kifundo na bega vinaharibika kwa sababu moja, nayo haitoki kwenye upakaji wako, bali kwenye namna programu inavyokokotoa mahali pa kila kipeo cha wavu. Kipeo kinachoshikwa na mifupa miwili hukokotolewa mara mbili: mahali ambapo mfupa wa kwanza ungekipeleka, na mahali ambapo mfupa wa pili ungekipeleka. Kisha programu huchukua wastani wa nukta hizo mbili, kulingana na uzito, kwenye mstari ulionyooka. Sasa vipeo vya ngozi ya mkono vimekaa kwenye duara kuzunguka mfupa, na mstari ulionyooka unaounganisha nukta mbili za duara hupita ndani ya duara. Hapo ndipo unene unapopotea. Kipeo kinapogawanywa nusu kwa nusu, umbali wake kutoka kwenye mhimili wa mzunguko hubaki hivi:

```
r' = r * cos(θ / 2)
```

Hapa `θ` ni tofauti ya mzunguko kati ya mifupa hiyo miwili. Kwa nyuzi 30 unabaki na 0.97 ya unene, na hakuna jicho litakalogundua. Kwa nyuzi 60 unabaki na 0.87, kwa 90 unabaki na 0.71, kwa 120 unabaki na nusu, na kwa 180 hakibaki kitu. Angalia jinsi hasara inavyokua haraka kuliko pembe: kuzidisha pembe mara mbili, kutoka 60 hadi 120, kunaongeza hasara kutoka asilimia 13 hadi asilimia 50. Ndiyo maana kugawa mzunguko mmoja mkubwa katika mizunguko midogo kunasaidia sana, na ndiyo maana brashi peke yake haikukusaidia. Ukibadilisha uzito kutoka 0.5 na 0.5 kuwa 0.7 na 0.3 unahamisha tu mahali pa mnyongo, kwa kuwa kati ya ngozi inayoshikwa na kigasha kikamilifu na ngozi inayoshikwa na kiganja kikamilifu lazima kuwe na mahali ambapo mifupa hiyo miwili inalingana nguvu.

Kuhusu `Preserve Volume`: hiyo hubadilisha hesabu yenyewe. Badala ya wastani wa nukta, Blender hutumia kwaternioni pacha, njia iliyoelezwa na Ladislav Kavan na wenzake mwaka 2007, ambayo hukizungusha kipeo kwenye tao badala ya kukikatisha ndani ya duara. Lakini faili ya glTF unayopeleka Godot, kwa upande wa ngozi, hubeba mifupa, uzito na mienendo tu. Haibebi agizo la kutumia hesabu hiyo, na Godot hurudi kwenye wastani wa mstari ulionyooka. Hata kwa filamu inayokamilishwa ndani ya Blender siipendi kama dawa pekee, kwa sababu huvimbisha kiwiko na goti vinapokunjwa sana. Kwa hiyo ondoa tiki hiyo sasa, ili unachokiona kwenye skrini yako kiwe kile kitakachoonekana kwenye simu, nasi tutengeneze mifupa inayofanya kazi vizuri kwa hesabu ya kawaida.

Tuanze na kifundo. Egemeza kiwiko chako mezani na ugeuze kiganja kutoka chini kwenda juu. Kifundo chenyewe hakisokoti hata kidogo. Kinachogeuka ni kigasha, yaani sehemu iliyo kati ya kiwiko na kifundo, kwa sababu mmoja wa mifupa yake miwili huzunguka juu ya mwenzake. Ngozi iliyo karibu na kiwiko karibu haisogei, ya katikati hugeuka nusu, na ya karibu na kifundo hugeuka sawa na kiganja. Rigi yenye mfupa mmoja wa kigasha na mmoja wa kiganja inaulazimisha mzunguko wote utokee kwenye pete moja au mbili za kifundo, mahali ambapo mwilini hautokei kabisa.

Nitatumia majina ya mifupa ya Rigify, nawe uyabadilishe kama yako ni tofauti. Katika `Edit Mode` tengeneza mifupa miwili mipya juu ya mstari uleule wa `forearm.R`: `msokoto_1.R`, inayoanzia kwenye kiwiko na kuishia katikati ya kigasha, na `msokoto_2.R`, inayoanzia katikati na kuishia kwenye kifundo. Yote miwili iwe watoto wa `forearm.R` moja kwa moja, bila kuunganishwa na bila mmoja kuwa mtoto wa mwenzake, na `Roll` yake ilingane na ile ya `forearm.R`. Hakikisha `Deform` imewashwa kwa yote miwili.

Kazi yake ni kuchukua msokoto wa kiganja tu, na kuacha kukunjika kwake. Wengi huweka hapa `Copy Rotation` kwenye mhimili wa Y peke yake, na kwa pozi rahisi inatosha, lakini kiganja kinapokunjwa sana huku kikigeuzwa, mgawanyo wa pembe za Euler huchanganya mikunjo na msokoto, na kigasha huanza kuyumba bila sababu inayoonekana. Kwa mama anayeshika ukingo wa beseni hilo litatokea kwa hakika. Tumia kiendeshi, yaani kanuni inayoufanya mfupa mmoja usome mwendo wa mwingine. Weka mzunguko wa `msokoto_1.R` na `msokoto_2.R` kuwa `XYZ Euler`, kisha bofya kitufe cha kulia kwenye `Rotation Y` na uchague `Add Driver`. Kigeu kiwe cha aina ya `Transform Channel`, mfupa uwe `hand.R`, `Type` iwe `Y Rotation`, `Mode` iwe `Swing and Y Twist`, na `Space` iwe `Local Space`. Usichague `Transform Space`, kwa kuwa hiyo haioni vizuizi, na mkono wako ukiendeshwa kwa IK kiendeshi kitasoma sifuri. Katika `Expression` ya `msokoto_1.R` andika:

```
var * 0.5
```

Kwa `msokoto_2.R` andika `var` peke yake. Mfupa huo wa pili hugeuka sawasawa na kiganja, na hilo ndilo jambo muhimu kuliko yote katika mpangilio huu: kati ya `msokoto_2.R` na `hand.R` haitabaki tofauti yoyote ya msokoto, kwa hiyo kifundo kitakunjika tu, kama kinavyofanya mwilini.

Sasa ndipo uzito unapohitajika, na sasa utatii. Chukua kigasha chenye pete saba za wavu kutoka kiwiko hadi kifundo. Pete ya kwanza ishikwe na `forearm.R` kikamilifu, ya nne na `msokoto_1.R` kikamilifu, na ya saba na `msokoto_2.R` kikamilifu. Zilizo katikati zigawane kwa theluthi: pete ya pili ipewe 0.67 ya `forearm.R` na 0.33 ya `msokoto_1.R`, ya tatu kinyume chake, na kadhalika upande wa pili. Mkunjo wa kifundo wenyewe unagawanywa kati ya `msokoto_2.R` na `hand.R`. Ukigeuza kiganja nyuzi 120, pete hizo zitageuka karibu 0, 20, 40, 60, 80, 100 na 120, na hakuna pete inayokutana na tofauti ya zaidi ya nyuzi 60 kati ya mifupa inayoishika. Mkono wenye nusu-kipenyo cha sentimita 3, ambao kwa rigi yako ya sasa unasinyaa hadi sentimita 1.5, hautashuka chini ya sentimita 2.6. Kwenye simu hiyo inatosha. Kwa picha ya karibu ya filamu ningeongeza mfupa wa tatu, ili tofauti iwe nyuzi 40 na unene ubaki 0.94. Kama kigasha chako kina pete mbili au tatu tu, ongeza pete kabla ya jambo lolote, kwa sababu mifupa mipya haitakuwa na ngozi ya kuigawanyia msokoto.

Jaribu hivi: katika `Pose Mode` chagua `hand.R`, bonyeza R, kisha Y mara mbili ili uzungushe kwenye mhimili wa mfupa wenyewe, na uandike 120. Kigasha kikigeuka kinyume na kiganja, mifupa ya msokoto imechorwa kinyume, kutoka kifundo kwenda kiwiko. Kikigeuka zaidi ya kiganja, umemfanya `msokoto_2.R` kuwa mtoto wa `msokoto_1.R`, na mizunguko yao inajumlishwa. Kikiruka ghafla upande wa pili unapokaribia nyuzi 180, rigi haina kosa. Pozi ndilo lililovuka kile ambacho mkono wa mtu unaweza. Kigasha hugeuka karibu nyuzi 80 hadi 90 kila upande kutoka katikati, na zaidi ya hapo mtu hugeuza mkono mzima kutoka begani, kwa hiyo mwendo uliobaki uupeleke kwenye `upper_arm.R`. Kama bado hujatengeneza mienendo mingi, ningekushauri pia ubadilishe pozi la kupumzikia ili kiganja kiangalie paja na kidole gumba kiwe mbele. Hapo ndipo katikati ya safari ya kigasha, na msokoto wako mkubwa kabisa hautazidi nyuzi 90 badala ya kufika 150 au zaidi kwa upande mmoja.

Bega ni gumu zaidi, lakini hesabu ni ileile. Mhimili tu ndio umebadilika. Mama anapojitwisha beseni, mkono hupanda hadi karibu nyuzi 150 ukipima kutoka pale ulipokuwa ukining'inia. Nadhani rigi yako imepumzika mikono ikiwa imeshushwa nyuzi 45, kama rigi nyingi, kwa hiyo `upper_arm.R` inabeba nyuzi 105 peke yake. Ngozi ya juu ya bega iliyogawanywa nusu kwa nusu inabaki na 0.61 ya umbali wake kutoka kwenye kiungo, na huko ndiko kuzama unakokuona.

Mwilini mkono haupandi peke yake. Tangu Verne Inman na wenzake walipochapisha uchunguzi wao wa bega mwaka 1944, inajulikana kwamba katika kuinua mkono, karibu theluthi moja ya mwendo hutoka kwenye bapa la bega na mtulinga, na theluthi mbili hutoka kwenye kiungo chenyewe. Simama Kituku asubuhi uangalie: beseni linapopita usawa wa uso, bega la mama huwa limekwisha kusogea kuelekea sikio. Katika rigi, `shoulder.R` ndiyo inayowakilisha mtulinga na bapa kwa pamoja. Usiipe theluthi kamili ya nyuzi 150, maana inazunguka kutoka karibu na kidari na ingelirusha bega juu mno. Nyuzi 25 zinatosha kwa pozi hili, nazo zianze tu baada ya mkono kupanda kama nyuzi 30. Uiinue kwa mkono katika mwendo wenyewe. Usijaribu kuiendesha kwa kusoma mzunguko wa `upper_arm.R`, kwa kuwa mfupa huo ni mtoto wake, na Blender italalamika kwa ujumbe wa `Dependency cycle`.

Kabla ya kuendelea, hakikisha kichwa cha `upper_arm.R` kiko mahali pake: ndani ya nyama ya bega, karibu zaidi na sehemu ya juu kuliko kwapa. Kikiwa chini, usawa wa kwapa, bega zima hutelezea ndani kila mkono unapopanda, na hakuna uzito utakaolizuia.

Baada ya mtulinga kuchukua nyuzi 25, zinabaki 80, na `cos(40°)` ni 0.77. Ni afadhali, lakini bado panaonekana shimo. Kwa hiyo ongeza mfupa mfupi, `bega_nusu.R`, unaoanzia mahali pale pale inapoanzia `upper_arm.R` na kuelekea upande uleule, lakini ambao ni mtoto wa `shoulder.R`. Uwekee kizuizi cha `Damped Track` kinacholenga `forearm.R`, `Track Axis` iwe `Y`, na `Influence` iwe 0.5. Mfupa huu utafuata nusu ya kupanda kwa mkono, na kwa kuwa `Damped Track` hufuata mwelekeo tu, hautachukua msokoto wowote wa mkono wa juu. Hiyo ni faida ya pili, kwa sababu mkono wa juu nao husokoteka, na bila mfupa huu msokoto huo ungeishia kwenye nyama ya bega na kuleta mnyongo kama ule wa kifundo.

Juu ya bega, uzito uende kwa mfuatano: ngozi iliyo juu ya mtulinga ishikwe na `shoulder.R`, pete inayopita juu ya kiungo ishikwe na `bega_nusu.R` kikamilifu, na pete za chini yake zihamie taratibu kwenye `upper_arm.R`. Tofauti kubwa kati ya mifupa inayofuatana sasa ni nyuzi 40, na unene unabaki 0.94. Kama nyama ya juu ya bega ilikuwa sentimita 6 kutoka kwenye kiungo, hapo mwanzo ilizama hadi sentimita 3.7, sasa haishuki chini ya sentimita 5.6.

Kwapa linahitaji uamuzi tofauti, kwa kuwa mkono unapopanda kwapa halikunjwi, linafunguka. Ngozi inayovutika kutoka mkononi hadi kwenye mbavu ni ishara kwamba `upper_arm.R` imepewa uzito chini mno. Ifute kabisa chini ya kwapa. Pete ya kwanza ya kifua chini ya kwapa iwe na 0.75 ya `spine.003` na 0.25 ya `bega_nusu.R`, na inayofuata chini yake iwe ya `spine.003` peke yake. Pawepo na angalau pete tatu ndani ya kwapa, ili ngozi ipate urefu wa kufungukia. Mama wa soko amevaa blauzi ya kitenge, basi usiipake mikono ya blauzi upya kwa macho. Hamisha uzito kutoka mwilini kwa `Transfer Weights`, la sivyo ngozi itatokeza nje ya nguo katika pozi hilihili.

Kuna kikomo kimoja ambacho kwenye simu huwa kinaumiza. Mpangilio wa kawaida wa glTF ni mifupa minne kwa kila kipeo, na kwenye bega unayo tayari minne: `spine.003`, `shoulder.R`, `bega_nusu.R` na `upper_arm.R`. Uzito wa tano uliobaki kutoka upakaji wa zamani, hata ukiwa 0.02 wa shingo, unaweza kuharibu hesabu wakati wa kutoa faili. Endesha `Limit Total` kwa 4 na kisha `Normalize All` wewe mwenyewe, halafu upige pozi la beseni tena, uone kama kuna kipeo kilichoruka.

Kitakachobaki baada ya hapo ni umbo, si kuzama: nyama ya bega inapaswa kujikusanya kidogo mkono unapokuwa juu. Hapo tu ndipo `Shape Key` ya marekebisho inapostahili, ikichongwa kwenye pozi la juu kabisa na kuanza kuingia mkono unapopita nyuzi 60 kutoka pozi la kupumzikia. Ukiichonga mapema, kabla ya mtulinga na `bega_nusu.R` kufanya kazi, utakuwa unajaza shimo kwa pembe moja tu, na katika pembe za kati bega litavimba au kuzama vilevile. Kwa mhusika anayeonekana mdogo kwenye simu, mimi ningeiacha.

Ukimaliza upande wa kulia, tumia `Symmetrize` kwa mifupa, lakini kagua viendeshi vya upande wa kushoto kimoja kimoja: kama havipo, viongeze wewe mwenyewe, na vikiwapo uhakikishe vinasoma `hand.L`. Wakati wa kutoa glTF, washa `Sampling Animations`. Godot haitapokea viendeshi wala `Damped Track`. Itapokea mizunguko ya mifupa iliyokwisha kurekodiwa kwa kila fremu, na hiyo inatosha mradi mienendo yote inatoka Blender. Ukitaka kiganja kigeuzwe na mchezo wenyewe wakati wa kucheza, mifupa ya msokoto itabaki imeganda, na itakubidi uandike hesabu ya nusu-msokoto katika Godot pia. Dalili yake ni rahisi kuitambua: mwendo uliorekodiwa unaonekana vizuri, lakini kifundo kinajinyonga pale tu mchezaji anapouongoza mkono.